Turubai Likishashushwa, Wewe Uko Wapi?

Kuna jambo nimelibeba moyoni muda mrefu, na mwezi huu nimeamua kulitua hapa. Ni habari ya rafiki yangu aliyefiwa na mumewe, na ya mimi niliyesomea mawasiliano chuo kikuu, ninayelipwa mshahara kwa kupanga maneno, halafu nikakosa neno la kumwambia nikakaa kimya wiki 7.

Nitamwita Mama Neema, si jina lake. Tulikutana mwaka wa kwanza chuoni, tukalala chumba kimoja hosteli, tukagawana sabuni, noti za darasani na siri ambazo hata waume zetu hawazijui. Yeye na Baba Neema walijenga Kinyerezi, nyumba ya kawaida tu, wakajaliwa watoto wawili. Usiku mmoja wa Machi, mwaka juzi, Baba Neema aliamka kunywa maji akaanguka. Asubuhi tulikuwa tunapigiana simu.

Kwenye msiba wenyewe nilikuwepo, tena sana. Si unajua misiba yetu ya Dar? Kufika saa 4 asubuhi turubai lilishafungwa, viti vya kukodi vimeshushwa, daftari la rambirambi liko mezani na kamati zimeundwa: usafiri, jeneza, chakula. Mimi niliwekwa chakula. Nilihesabu kilo za mchele, nikagombana na muuza mkaa, nikajifunga kanga na kulala mkekani na wanawake wenzangu siku tatu. Siku ya nne tukapanda mabasi mawili hadi Moshi, tukamzika kwao, kihambani, karibu na baba yake. Tukarudi. Nikaoga, nikalala, Jumatatu nikaenda ofisini. Moyoni nikajiambia nimetimiza.

Wiki 7 baadaye nilimkuta Tabata, kwenye duka la vifaa vya maji. Ameshika swichi ya pampu iliyoungua, anamuuliza muuzaji kama anayo kama ile. Kumbe simtanki lilikuwa tupu siku nne. Kazi ya kupandisha maji ilikuwa ya Baba Neema. Yeye hakujua hata swichi ipo ukuta gani. Alikuwa akichota ndoo kwa jirani usiku, watoto wakishalala, ili watu wasimwone.

Hakunilaumu. Aliniambia taratibu tu, tukiwa tumesimama kati ya mabomba: "Shoga, siku turubai liliposhushwa nilikaa barazani nikaangalia viti vinapakiwa kwenye kirikuu. Nikawa nahesabu nani atabaki. Wewe nilikuhesabu."

Kwa nini tulikimbia

Hebu tuseme ukweli. Kwa siku za mwanzo, sisi ni hodari. Sidhani kama kuna mtu anayeachwa azike peke yake. Lakini angalia mpango wetu wote unavyoishia mapema. Daftari linafungwa, kamati inasoma mahesabu, kundi la wasapu la msiba linaanza kupungua watu mmoja mmoja, "ametoka", "ametoka". Hata kazini ni hivyohivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyefiwa na mwenzi wake angalau siku 4 za likizo yenye malipo. Siku 4! Kwa Mama Neema hazikutosha hata kumfikisha mumewe kaburini na yeye kurudi Dar. Bosi wake alimwongezea wiki kwa hisani.

Na wiki hizo za kwanza, mfiwa mwenyewe mara nyingi hayupo. Mwili upo, amekaa mkekani, anaitikia. Lakini kuna wageni, kuna kelele za sufuria, kuna mawifi wanaoamua kila kitu, na akili yenyewe imekufa ganzi. Mama Neema ananiambia hakumbuki nani alilia naye Moshi. Anachokumbuka vizuri ni Jumanne ya wiki ya tatu, alipokuta kikombe cha mumewe nyuma ya kochi, chai imekauka chini. Siku hiyo nyumba nzima ilikuwa na yeye, watoto na dada wa kazi. Hakuna simu iliyolia.

Mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa naogopa kumliza. Nilijiambia ana ndugu zake, ana mama mkwe, ana kanisa, nisiwasumbue. Nilituma meseji mbili za "pole mpenzi, niko nawe kimawazo". Halafu ikaja aibu ya kuchelewa: wiki mbili zikipita bila kwenda, ya tatu inakuwa ngumu zaidi, maana sasa lazima ueleze ulikuwa wapi. Nadhani urafiki mwingi unafia hapo, bila ugomvi wowote.

Kama nawe umekwama hapo sasa hivi, Mama Neema ameniruhusu nikupe jibu lake. Usilete maelezo. Usiseme kazi zilikubana. Mwambie: "Nimechelewa kuja, nisamehe. Naja Alhamisi." Basi. Maelezo marefu yanamlazimisha mfiwa akubembeleze wewe.

Useme nini

Neno la kwanza tunalo tayari, na ni zuri: pole. Fupi, halidai kitu, halifundishi. Liseme mara moja, mshike mkono, ukae. Lakini sikiliza jibu lake kwa Kiswahili. Ukimwambia mtu pole, adabu inamtaka ajibu "asante" au "nimeshapoa". Sasa fikiria mtu aliyefiwa na mume siku 20 zilizopita, kila anayeingia anampa pole, naye kila mara anatamka kwa mdomo wake kwamba ameshapoa. Hajapoa! Mama Neema anasema kufikia mwezi wa pili alikuwa anajisikia mwongo. Kwa hiyo pole ni ya mlangoni. Ukishaisema usiirudie kila dakika mbili ukimya unapoingia. Uache ukimya ukae.

Baada ya pole, kilichomsaidia zaidi ni kusikia mumewe anatajwa. Aliniambia: "Wote wanasema marehemu, marehemu. Mume wangu ana jina." Tunadhani tukimtaja tutamkumbusha. Jamani, amkumbushwe nini? Hajasahau hata saa moja. Tukinyamaza anaona tumemfuta, na yeye anaanza kuogopa kumtaja mbele yetu.

Njia rahisi ni kuleta kumbukumbu moja, ndogo, ya kweli. Mimi nilimwambia: "Nakumbuka siku Baba Neema alipotupeleka Bagamoyo, akapotea njia, akakataa katakata kuuliza." Alilia. Halafu akacheka, akaniambia sehemu ya safari ile ambayo sikuijua, kwamba usiku alikiri alipotea tangu Bunju. Tulizungumza saa nzima. Nilichoogopa wiki 7 kilikuwa hicho tu.

Na kama huna kumbukumbu, hukumjua marehemu vizuri? Muulize mfiwa. "Mlikutana wapi?" "Alikuwa anapenda kula nini?" Maswali ya namna hii yanamruhusu aongee kuhusu maisha ya mtu wake. Kama hataki kuongea utaona, atajibu kwa neno moja. Basi badilisha, mshike mtoto, osha vyombo.

Maneno ya kuacha mlangoni

Nilimuuliza Mama Neema maneno gani yalimuuma. Alicheka kidogo, akasema niandae daftari. Nimechagua matano.

*"Kazi ya Mungu haina makosa."* Hili linawashangaza wengi kwa sababu hata yeye analiamini. Tofauti ni nani analisema. Mfiwa akilisema mwenyewe, ni imani yake inayomshika asianguke. Akiambiwa na mtu ambaye jioni anarudi kwa mumewe, linakuwa kama kufuli: usilie tena, kesi imekwisha. Mwache alitamke yeye, wewe itikia tu.

*"Jikaze, watoto wanakuangalia."* Mama Neema alijikaza kweli. Alikuwa anafungulia bomba la bafuni ndipo alie. Siku moja Neema, ana miaka 9, akamuuliza: "Mama, kwani wewe humkumbuki baba?" Ndipo alipojua kwamba mtoto naye alikuwa anajikaza, kwa kumwiga yeye. Mtoto akimwona mama analia na kisha anajifuta na kupika, anajifunza kwamba kulia hakumvunji mtu.

*"Wewe bado kijana, utaolewa tena."* Aliambiwa hivi kabla hata ya arobaini, tena na shangazi yake mwenyewe. Kaka zake walicheka, yeye akaenda chumbani. Kwa aliyefiwa na mtoto, ndugu wa neno hili ni "utapata mwingine". Hakuna anayefarijiwa kwa kuambiwa mtu wake anabadilishika kama balbu.

*"Ilikuwaje?"* Kila mgeni anataka simulizi kuanzia mwanzo: aliamka saa ngapi, alianguka vipi, hospitali walisema nini. Mama Neema alisimulia usiku ule hadi akapoteza hesabu. Mbaya zaidi ni lile swali linalofuata, "kwani hamkujua ana presha?", ambalo ndani yake kuna lawama. Usiulize. Akitaka kusimulia, msikilize hata kama ni mara ya kumi, maana wengine huhitaji kurudia. Lakini aanze yeye.

*"Ukiwa na shida yoyote nipigie."* Hili mimi mwenyewe nililisema, pale Moshi, kwa nia safi kabisa. Angalia lilivyofanya kazi: simtanki limekauka, mtu amechoka, ana aibu, halafu tunamwachia yeye kazi ya kutambua shida, kuchagua wa kumwambia na kunyanyua simu kuomba. Hakupiga. Badala yake sema kitu chenye siku na saa: "Jumamosi asubuhi naleta fundi wa pampu." Anayepewa hivyo anajibu ndiyo au hapana tu.

Alhamisi zetu

Siku ile ya swichi nilimfuata nyumbani kwake. Kesho yake nikamtumia meseji, na namna hiyo ya meseji niliendelea nayo miezi mingi: "Alhamisi saa 11 jioni niko getini kwako. Usipike. Usipojibu nakuja, ukisema nisije siji na sinuni." Kila neno pale lina kazi yake. Siku maalumu inamwondolea kungoja. "Usipike" inamwondolea ugeni. Na ile ya mwisho inampa mlango wa kukataa bila kupoteza rafiki.

Alhamisi ya kwanza nilikwenda na fundi. Alifunga swichi mpya, akaandika kwa kalamu nzito ukutani "WASHA" na "ZIMA", akamfundisha Mama Neema kusikiliza mlio wa tenki likijaa. Sisi tulikuwa tumesimama nyuma tu. Hatukuongea habari za msiba hata kidogo. Nilikaa kama dakika 45 nikaondoka. Huo ni muda mzuri wa kuanzia; mgeni anayekaa hadi saa 3 usiku anamfanya mfiwa awe mwenyeji.

Alhamisi ya pili niliharibu. Nilikuja na wenzetu wanne wa chuoni, nikidhani namfurahisha. Tulijaza sebule, tukaanza kupiga stori zetu, mmoja akaanza kuelezea msiba wa mama yake mwanzo hadi mwisho, akalia, na Mama Neema ndiye aliyekwenda kumletea maji. Nilijifunza: nenda peke yako, au wawili. Na msiba wako usiutangulize. Ukiulizwa, sema kwa kifupi, kisha umrudishie nafasi.

Alhamisi ya tatu alikuwa mchangamfu mpaka nikashangaa. Alipanga kupaka rangi chumba cha watoto, akacheka, akala. Nikaondoka nikijisemea, afadhali, ametoka. Ya nne nikamkuta kitandani saa 11 jioni, mashuka yale ya asubuhi, hataki hata uji. Niliogopa, nikadhani amerudi nyuma.

Hapa elimu ilinisaidia kidogo. Wengi tumesikia habari za "hatua 5" za huzuni, kukataa, hasira, na kuendelea. Zilitoka kwenye kitabu cha mwaka 1969 cha Elisabeth Kübler-Ross, daktari wa magonjwa ya akili, lakini alizipata kwa kuzungumza na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wao wenyewe. Si ngazi za kumpimia mjane yuko ya ngapi. Mwaka 1999 watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, walieleza jambo linalofanana zaidi na Alhamisi zetu. Walisema mfiwa huenda na kurudi. Saa fulani anaukabili msiba, analia, anashika picha. Saa nyingine anauweka pembeni ashughulike na ada, pampu, rangi ya ukuta, hata mzaha. Kwenda na kurudi huko ndiko kunakomwezesha kuendelea kuishi.

Kwa rafiki maana yake ni nyepesi: mfuate aliko siku hiyo. Ukimkuta anacheka, usimtazame kwa jicho la "mbona mapema hivi". Ukimkuta amelala, usimwambie "lakini wiki iliyopita ulikuwa vizuri". Alhamisi ile ya nne nilivua viatu nikakaa sakafuni kando ya kitanda, nikawasaidia watoto homuweki hapohapo. Hakusema neno. Nilipoaga alinishika kidole.

Ya sita aliandika: "Leo usije." Nikajibu, "Sawa, Alhamisi ijayo." Nikamwachia dada wa kazi mkungu mdogo wa ndizi getini nikaondoka bila kugonga. Akikukataa mara moja usiichukulie kuwa kuachwa. Akikataa mara tatu mfululizo, hapo piga simu, uisikie sauti yake.

Ukiondoka, taja siku ya kurudi. Mama Neema anasema sentensi ya "tutaonana Alhamisi" ilimsaidia kuliko mawaidha yote, kwa sababu wiki ilipata kipini cha kushikia. Na kama Alhamisi kila wiki huiwezi, sema ukweli wa uwezo wako. Mara moja kila wiki mbili, kwa mwaka mzima, inazidi kila siku kwa mwezi mmoja halafu kimya.

Kalenda na bahasha

Chukua kalenda sasa hivi. Andika tarehe ya kifo, siku ya kuzaliwa marehemu, siku ya ndoa yao, siku ya kuzaliwa watoto. Andika na Januari na Julai, shule zinapofunguliwa. Kisha jiulize ni siku gani ambayo kwao ni nzito kuliko kwa watu wengine. Kwa familia ya Mama Neema ilikuwa Desemba. Si mnawajua Wachaga na Krismasi? Kila mwaka Baba Neema aliosha gari, akapakia watoto na mchele, wakaondoka alfajiri kwenda Moshi. Desemba hii ya kwanza ilikuwa inakwenda palepale alipozikwa.

Nilimuuliza mwezi Oktoba: "Desemba mtaendaje?" Akanyamaza. Kumbe alikuwa halali kwa jambo hilo, maana yeye haendeshi safari ndefu, na mama mkwe ameshasema anawangoja wajukuu. Tuliwakatia tiketi za basi mapema. Siku ya safari nilimpigia wakiwa Korogwe, nikampigia tena jioni alipofika. Nilimuuliza tu wamekula nini njiani. Aliporudi aliniambia kwamba simu ya Korogwe ndiyo iliyomvusha, kwa sababu hapo ndipo walipokuwa wanasimama kula na mumewe.

Na pesa je? Rambirambi nyingi zinaishia kwenye mchele, mabasi na turubai. Nakushauri uigawe. Kama una shilingi 50,000, andikisha 20,000 kwenye daftari la msiba, 30,000 zitie kwenye bahasha uiweke kabatini hadi mwezi wa tatu. Wakati huo mshahara mmoja umekatika, ada inadaiwa, na hakuna tena anayechanga. Mpe mkononi bila kutangaza, au nunua umeme wa Luku umtumie namba.

Kuhusu mali, kanuni yangu ni moja: usiulize nani kaachiwa nini, wala usimseme vibaya wifi yake hata akianza yeye. Lakini mirathi ina foleni, na foleni inahitaji mtu wa kukaa naye. Kuna cheti cha kifo cha kufuatilia Rita, kuna muhtasari wa kikao cha ukoo, kuna kwenda mahakamani kumthibitisha msimamizi. Nilimsindikiza mara mbili, nikambebea bahasha ya karatasi na chupa ya maji. Kila dirisha aliulizwa "uhusiano wako na marehemu?" na kila mara sauti ilimkatika. Mara ya pili alinitazama, nikajibu mimi: mke.

Mwezi wa sita aliniomba tufungue kabati la nguo. Ndugu walishachukua nyingi, zilibaki mashati na koti la harusi. Usimharakishe mtu hapo, na usizikusanye wewe asipokuwepo ukidhani unamsaidia. Tulifanya rundo tatu: za kutoa, za kuwekea watoto, za kuamua baadaye. Rundo la tatu bado lipo mpaka leo, na hakuna ubaya wowote.

Akiwa edani

Kwa rafiki Mwislamu aliyefiwa na mume kuna eda: miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue akiwa mjamzito. Hujiepusha na mapambo na manukato, na hatoki nyumbani bila haja ya lazima. Wengi wetu tunasikia "yuko edani" tunadhani maana yake asisumbuliwe. Mwenzangu mmoja wa ofisini aliyepitia eda anasema ilikuwa kinyume: alitamani wanawake wenzake waje, kwa sababu yeye hawezi kuwafuata. Uliza kwanza na mkubwa wa nyumba ile, mama au shangazi, saa gani inafaa. Nenda na mavazi ya heshima, usimpelekee marashi, na umuulize kitu gani cha nje hawezi kukifanya: sokoni, shuleni kwa watoto, benki. Na tarehe ya kutoka eda iandike pia. Siku ile watu wanapongeza, lakini kwake ndiyo siku ya kwanza kutoka nje akiwa mjane.

Urafiki ukishindwa peke yake

Kuna huzuni ambayo chai na Alhamisi haziifikii. Huzuni ya kawaida inauma, lakini inapumua. Kuna siku nzuri kati ya mbaya, na polepole zinaongezeka. Kama miezi inapita na hali ni ileile ya siku ya kwanza, hawezi kazi, hawezi watoto, hamu ya marehemu imejaa kila saa, huo unaweza kuwa ugonjwa unaotibika. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, limeweka kipimo cha angalau miezi 6. Madaktari wa akili wa Marekani, mwaka huohuo, waliweka miezi 12 kwa mtu mzima. Wote wanasema pia tuangalie mila za mahali, maana muda wa kuomboleza haufanani.

Lakini kuna mambo hayangoji mwezi wowote. Hali kabisa wala halali kwa wiki. Ameanza kunywa pombe ili alale. Anagawa vitu vyake, au anasema "bora nimfuate". Ukisikia hilo usimkemee wala usimhubirie. Muulize waziwazi, kwa upole: "Dada, unafikiria kujiua?" Kuuliza hakumpandikizii wazo, mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anapumua. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa dawa na sumu za wadudu ndani, mwambie ndugu mmoja anayemwamini, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili, na mkoani anzieni hospitali ya rufaa ya mkoa. Mama Neema hakufika huko. Lakini mwezi wa tatu nilimuuliza, mikono ikinitetemeka. Akasema hapana, halafu akasema asante kwa kuuliza.

Machi iliyofuata tulikwenda kanisani, ibada fupi ya mwaka mmoja. Waliokuja hatukuzidi kumi na wawili. Siku hizi Alhamisi si kila wiki tena, na mara nyingine yeye ndiye anayekuja kwangu, analalamika kuhusu pikipiki za mtaani na bei ya nyanya, kama zamani hosteli.

Mwezi uliopita jirani yake alifiwa na mke. Nilipita kutoa pole, nikamkuta Mama Neema amekaa nyuma kabisa ya turubai, hayuko kamati yoyote. Nikamuuliza mbona safari hii hapiki. Akanionyesha simu yake. Alikuwa ameandika kwenye kalenda, wiki ya tatu, Jumanne: "Kwa Baba Salma. Kupeleka chakula. Kuuliza kuhusu maji."